Zamu ya Bi Mkubwa

Ofisini walituita wake wenza, na mume wetu, eti, ni mlima. Mimi nilikuwa Bi Mkubwa kwa sababu nilitangulia miaka kumi na mmoja. Yeye alikuwa Bi Mdogo. Wiki nne zamu yangu, wiki nne zamu yake. Utani huo ulianzishwa na karani mmoja asiye na kazi, nikamjibu palepale kwamba mume asiyekoroma wala kudai chakula si mume mbaya, na kwamba mkewe akisikia huenda akaomba tubadilishane. Wakacheka mpaka wakashika meza. Majina yakabaki.

Kazi yetu ni kupima hali ya hewa. Kituo kiko juu, mita elfu nne na mia sita: nyumba ya vyumba viwili, kitanda kimoja, jiko la gesi, redio ya mawasiliano, na nje kisanduku cheupe chenye vipimajoto. Tangu alfajiri hadi saa tatu usiku, kila baada ya saa tatu unatoka, unasoma vipimo, unaandika daftarini, unavitangaza redioni. Usiku mashine hujiandikia yenyewe. Miaka kumi na tisa daftari lile halikuwa na nafasi hata moja iliyoachwa wazi. Nilipougua meno nilipima. Mume wangu alipofariki Bi Mdogo aliongeza zamu, akapima. Hilo ndilo tulilojivunia, mimi kwa sauti na yeye kimya kimya.

Kwa miaka minane tulijifunika blanketi moja na kunywea kikombe kimoja, lakini ukijumlisha saa zote tulizowahi kukaa pamoja hazifiki siku nne. Anakuja mmoja, anaondoka mwingine. Nilijua anakunja blanketi mara tatu. Nilijua anapenda tangawizi maana sufuria lilinuka. Sura yake, nikifumba macho, sikuipata vizuri.

Si kwamba kanuni ilitaka hivyo. Kanuni ilisema anayeondoka alale usiku mmoja na anayefika, amtazame. Mwili unaotoka chini haujazoea hewa nyembamba, na mambo yakiharibika mara nyingi huharibika usiku wa kwanza au wa pili. Kanuni hiyo niliivunja mimi. Kitanda ni kimoja, nikamwambia, na mimi sikuja mlimani kubanana na mke mwenza. Tangu siku hiyo akawa ananikabidhi funguo na kushuka saa ileile.

Mimi ni mtu wa maneno makali, sikatai.

Sasa nieleze kwa nini nilikuwa na haraka. Likizo nakaa nyumbani kwangu mjini, vyumba vitatu na mtu mmoja. Mwanangu yuko ng'ambo, hupiga simu Jumapili, na Jumapili nyingine husahau. Jirani yangu husema "karibu" huku anaingia ndani na kufunga mlango. Napika, napakua, nakula nimesimama karibu na sinki kwa sababu kukaa mezani peke yangu kunaniumiza. Mlimani niko peke yangu pia, lakini kule upweke ni kazi, una mshahara na una saa zake. Nyumbani upweke ni upweke tu. Mwezi ule siku ya ishirini na nne nilishindwa. Nilimpigia Dereva wa ofisi.

"Kesho napeleka saruji mwisho wa barabara mpya," akasema. "Kule wanakojenga mnara."

"Nitapanda na wewe."

"Bi Mkubwa, pale ni mita elfu nne na mia moja. Si huwa unalala kwanza kituo cha katikati?"

"Endesha gari, mambo ya mlima niachie mimi," nikamwambia.

Kawaida tulipanda kwa miguu, tukalala kituo cha katikati usiku mbili, kisha kibanda cha wapagazi usiku mmoja, ndipo tufike. Siku ile nilitoka mjini, mita mia tisa, saa kumi na moja alfajiri. Saa nne nilikuwa mwisho wa barabara. Saa saba kasoro nilikuwa mlangoni pa kituo, nahema mithili ya mbuzi aliyefukuzwa.

Na usidhani sikujua. Hotuba ya ugonjwa wa mlima naijua kuliko sala zangu. Wapandaji wakipita pale nawasimamisha mstari mmoja: mtu akipanda juu haraka kisha kichwa kikamuuma, hana hamu ya kula, anatapika, amechoka kupita kiasi, huo ni ugonjwa wa mlima mpaka ithibitike vinginevyo. Asipande hata hatua moja zaidi. Apumzike, asipopata nafuu au akizidi, ashuke. Akianza kuyumba au kuchanganyikiwa, ashuke sasa hivi, iwe mvua iwe giza, wala asiachwe peke yake. Nimewahi kumteremsha mwanariadha mwenye mapaja kama magogo, analia, ananiambia yeye ana nguvu. Nikamwambia mlima hauna habari na misuli.

Kumbe mganga hajigangi. Niliamini hotuba ile ni ya wageni. Mimi mwenyeji! Miaka kumi na tisa! Nilisahau, au nilijisahaulisha, kwamba mwili ukikaa chini wiki kadhaa unaanza upya, hauna kumbukumbu ya cheo.

Bi Mdogo alinipokea mzigo, akanitazama.

"Shikamoo, Bi Mkubwa. Umewahi siku nne."

"Marahaba. Nilichoka na joto."

"Umelala wapi jana?"

"Kitandani kwangu."

Akakunja uso. "Umetoka mjini leo? Moja kwa moja?" Akaweka birika chini. "Basi leo nalala. Nitalala sakafuni, usijali kitanda."

Kichwa kilikuwa kimeshaanza. Hapa, juu ya macho, kikigonga taratibu. Na yeye alikuwa amesimama mbele yangu, mkoba wake umefungwa tangu asubuhi, nilipotangaza kwa redio ya gari kwamba naja, viatu amevipiga brashi. Mabinti zake wawili wako kwa bibi yao, nilijua, maana picha yao huibandika ukutani na akiondoka huondoka nayo.

"Kichwa vipi?" akaniuliza.

"Kichwa changu kizima kuliko chako. Nenda kwa watoto wako."

"Lakini kanuni, Bi Mkubwa…"

"Kanuni nimeiandika mimi ukiwa bado shule! Dereva anakungoja. Nenda, bwana, usinisimamie kama polisi."

Akaenda. Nilimtazama akipungua kwenye njia ya mawe mpaka koti lake jekundu likapotea, na hapo nikajuta, nikaona aibu kujuta, nikafunga mlango.

Saa kumi na mbili jioni nilitangaza vipimo. Redioni alikuwa Opareta wa kituo cha katikati, mzee mcheshi ambaye ndiye aliyetuzoesha salamu yetu. Badala ya kuuliza hali, huuliza, "Kichwa kipo?" nasi tunajibu, "Kipo," maana yake kipo mabegani, hakijapotea, kila kitu sawa. Tumeisema miaka mingi mpaka imekuwa kama kugonga hodi.

"Kichwa kipo, Bi Mkubwa?"

"Kipo," nikasema. Na kweli kilikuwepo, Mungu wangu, kilikuwepo chote, kinadunda. Hakuna aliyedanganywa kwa neno moja safi kuliko lile.

"Bi Mdogo na Dereva wanalala hapa leo," akasema. "Gari lina pancha mbili, saruji imelimaliza. Watashuka kesho."

Nilimeza vidonge viwili vya maumivu. Havikufua dafu. Wali nilioupika ulinichefua kwa harufu tu. Nilitapika mara mbili, nikalala, nikaamka, kila nikiinama kichwa kinataka kupasuka. Upande wa blanketi ulinuka tangawizi, na mwanamke mzima mimi nikalia kwenye blanketi la mtu niliyemfukuza. Kipimo cha alfajiri nilikisoma. Nakumbuka nilikisoma. Opareta akauliza, nikajibu kipo.

Cha saa tatu asubuhi sikumbuki vizuri. Nakumbuka kisanduku cheupe kilikuwa mbali kuliko kawaida. Ndani yake mna vipimajoto viwili, kimoja kikavu, kingine kimevishwa kitambaa cha maji. Maji yakikauka huchukua joto, kwa hiyo kilicholowa husoma chini ya kikavu, au sawasawa siku ya ukungu. Hilo ndilo jambo la kwanza mtu anafundishwa kazi hii, kabla hajaonyeshwa choo kiko wapi.

Nikashika redio. "Kikavu, tatu nukta mbili. Kilicholowa, sita nukta nne."

"Rudia," akasema Opareta, ambaye yeye huandika tu anachosikia.

"Kikavu, tatu nukta mbili. Kilicholowa, sita nukta nne. Huna masikio?"

Nikasikia kishindo, kiti kimeanguka, kisha sauti nyingine. Bi Mdogo. Alikuwa amekaa pale akingoja tairi, akisikiliza kipimo kilichokuwa chake mpaka jana.

"Bi Mkubwa. Kichwa kipo?"

"Kipo."

"Kipo kimetulia, au kipo kinauma?"

Katika miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kuuliza hivyo. Nilitafuta jibu kali. Nilikuwa nayo mengi siku zote, yamejipanga ulimini, lakini siku hiyo sikulipata hata moja. Niliachia kitufe. Nikakaa sakafuni.

"Bi Mkubwa, usitoke nje. Usishuke peke yako, utaanguka. Kaa, usilale chali, nakuja. Unanisikia? Nakuja."

Alifika kabla ya saa sita. Matairi yalizibwa harakaharaka, gari likampeleka mwisho wa barabara, akapanda mita mia tano zile karibu anakimbia. Aliweza kwa sababu alikuwa ametoka kukaa juu wiki nne, damu yake ilikuwa bado ya mlimani. Mimi yangu ilikuwa ya mjini.

Aliniinua. Sakafuni mwetu kuna mstari mweupe, ndio tunaowapimia wapandaji: utembee juu yake, kisigino kikigusa vidole, hatua kumi.

"Tembea," akasema.

Hatua ya kwanza sawa. Ya pili nikaenda dirishani. Ya tatu akanidaka.

"Mstari umepinda," nikamwambia.

Alicheka, halafu nikaona machozi yake. "Si ndivyo alivyokwambia yule mwanariadha? Kwamba mstari umepinda?"

Alifungua sanduku la dharura. Daktari alikuwa akizungumza redioni kutoka zahanati ya mjini kupitia kwa Opareta: kidonge kimoja cha kupunguza uvimbe wa ubongo, na chupa ya oksijeni, barakoa usoni. "Lakini nisikilizeni," akasema Daktari, "hivyo vitamsaidia kufika, havitamponya. Dawa yake ni kushuka. Msingoje aone nafuu ndipo mtoke. Tokeni."

Saa ya ukutani ilisema saa sita kasoro dakika nne. Nikashika mlango.

"Kipimo cha saa sita," nikasema. "Soma kwanza. Dakika tatu tu."

"Sisomi."

"Daftari litakuwa na pengo! Baki wewe upime, nitashuka mwenyewe taratibu."

"Ukishuka mwenyewe tutakuokota kesho chini ya genge."

"Basi niache hapa! Chini kuna nini? Niambie, chini nina nini mimi?"

"Chini kuna hewa," akasema Bi Mdogo. "Vaa koti."

Nilimtukana. Siwezi kuyaandika niliyomwambia. Mengine yalihusu watoto wake. Alinifunga kamba kiunoni, ncha nyingine akajifunga yeye, akabeba chupa mgongoni, akafungua mlango. Alipita mezani, akachukua kalamu. Kipimo changu cha saa tatu akakikata kwa mstari mmoja. Chini yake akaandika: "Haikupimwa. Mtu anaumwa." Akafunga daftari.

Njia ile naijua jiwe kwa jiwe, na siku ile nilikalia nusu ya mawe yake. Alinishika mkanda kwa nyuma kama mtoto anayejifunza kutembea. Kila nilipoomba kulala kidogo alisema, "Chini utalala." Hakusema kingine. Oksijeni iliisha kabla ya mwisho wa barabara. Dereva alitukimbilia, akanibeba mgongoni mita za mwisho, na mimi nikamuuliza mara tatu kama yeye ni mwanangu.

Halafu gari likaanza kuteremka, na hapa nitasema nilichokiona mwilini mwangu, maana nimekihubiri miaka mingi bila kukionja. Nilipoingia garini nilikuwa bado nimebeba mwamba kichwani. Tulipoanza kuona vichaka vya kwanza, mwamba ukawa jiwe. Miti ilipoanza, nikajua jina la Dereva. Kituo cha katikati, mita elfu moja na mia tano chini ya kitanda changu, niliteremka nikashika mlango wa gari mwenyewe, nikasema nataka chai. Opareta alifuta macho akasingizia moshi. Hakuna aliyenifanyia muujiza. Hewa ilikuwa nzito zaidi, basi.

"Utaendelea mpaka zahanati," Bi Mdogo akaniambia. "Daktari anakungoja. Aliyeyumba haishii njiani."

"Twende, tutafika kabla ya giza."

Hakupanda. Nikaona ameshageuza kofia, ametazama juu.

"Kituo hakina mtu," akasema. "Nitalala kibanda cha wapagazi, kesho saa sita nitapima."

Hapo ndipo akili yangu, iliyokuwa ikirudi kidogo kidogo, ilirudi yote. Hakuna mtu wa tatu. Sisi ni wawili. Mimi nisingepanda tena mpaka nipone kabisa, na nikipanda nipande kwa miguu, nilale njiani kama kanuni isemavyo. Wiki mbili, pengine tatu. Zamu ile ilikuwa yangu na likizo ile ilikuwa yake.

"Mabinti zako," nikasema.

Akafungua mlango wa nyuma wa gari, akagusa mkoba wake, akaufunga. "Wapelekee huu. Mna magauni. Waambie…" Akasita. "Waambie tu." Akanikumbatia. Miaka minane, ilikuwa mara ya kwanza. Nikaitazama sura yake mpaka ilipogeuka kisogo, akapanda njia bila kutazama nyuma. Safari hii niliishika.

Zahanati walinilaza usiku mmoja. Asubuhi nilitembea juu ya mstari wa vigae vya Daktari hatua kumi bila kuyumba. Akaniuliza kwa nini mtu mwenye uzoefu wangu alifanya vile. Nikamwambia nilikuwa na haraka ya kufika kazini. Hakuniamini, na sikumlaumu.

Dereva alinishusha kwenye geti la bibi ya mabinti wa Bi Mdogo saa nne. Nilikuwa sijainua mkono kugonga, mlango ukafunguliwa kwa nguvu na binti wa miaka kumi na moja akatoka mbio, mikono imekunjuliwa, mdogo wake nyuma yake na kiatu kimoja. Walikuwa wamesikia gari. Yule mkubwa alisimama ghafla, karibu anigonge. Akanitazama mimi, akatazama mkoba, akatazama ndani ya gari.

"Bibi," akaita nyuma, sauti imebadilika. "Siyo mama."

Nikamwambia jina langu la kazini. Nikamwambia mama yake mzima, yuko juu, ameniokoa maisha, na atachelewa kwa sababu yangu.

"Siku ngapi?"

"Nyingi. Labda ishirini."

Mdogo akaanza kulia. Mkubwa hakulia. Alikuwa na macho ya mama yake, yale ya kukagua.

"Ulikuwa unaumwa?"

"Ndiyo."

"Kwa nini hukusema?"

Nilikuwa nimeandaa majibu tangu zahanati. Kwamba mlima una mambo yake. Kwamba ukubwani utaelewa. Kwamba hapakuwa na mtu wa kumwambia. Hilo la mwisho nilikuwa nimelisema moyoni kwa miaka, kuhusu kila kitu, na lilifika mpaka ulimini.

"Mama yako aliniuliza," nikasema. "Alisimama mbele yangu hivi ulivyosimama, akaniuliza kichwa vipi. Alitaka kulala pale anitunze. Nikamdanganya, nikamfukuza."

Akafikiri. Nilingoja afunge mlango, na angefunga ningemwona ana haki. Akanyoosha mkono akanipokea mkoba, kama watoto wanavyofunzwa kumpokea mgeni mzigo, akageuka nao ndani. Alipofika katikati ya sebule mabega yake yakaanza kutikisika, lakini mkoba hakuuachia, na mimi nikavua viatu nikamfuata.